Swali la Lugha: Kukatika na Kuruka

Swali: Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Moshi. Mwanafunzi wangu ameandika: "Derivativu imekatika kwenye 0, kwa hiyo imeruka kutoka −1 hadi 1." Je, kukatika na kuruka si jambo moja?

Jibu: Hapana, Mwalimu, na hapa lugha inatusaidia kuliona kosa la hesabu. Abiria wa daladala la Marangu akilalamika kwamba gari limeruka kituo chake, anamaanisha kuwa limefika kituo cha mbele bila kusimama pale katikati. Kuruka, basi, ni kuacha cha kati. Kukatika ni kupotea kwa mwendelezo tu.

Chukua f(x) = x² sin(1/x), na f(0) = 0. Derivativu yake kwenye 0 ni 0, na kwingineko ni 2x sin(1/x) − cos(1/x). Kadiri x inavyoikaribia 0, sehemu ya kwanza inafifia, lakini cos(1/x) inaendelea kuyumba kati ya −1 na 1 bila kutulia. Mwendelezo umekatika kweli. Hata hivyo, hakuna thamani iliyorukwa.

Tazama kwa karibu: kwenye x = 1/(3π), yaani karibu 0.106, derivativu ni 1, na kwenye x = 1/(2π), karibu 0.159, ni −1. Kwa hiyo f inapanda pale mwanzo na kushuka pale mwisho. Kwa kuwa f yenyewe haijakatika, lazima iwe na kilele mahali fulani katikati, na kileleni mteremko ni 0. Ukiitaka 0.5, toa 0.5x kwenye f: mteremko unakuwa 0.5 upande mmoja na −1.5 upande wa pili, kilele kinapatikana tena, na hapo derivativu ya f ni 0.5 kamili. Hoja hii haikudai popote kwamba derivativu iwe na mwendelezo. Ilidai tu kwamba iwepo kila mahali kati ya ncha hizo mbili, pamoja na ncha zenyewe. Mfaransa Gaston Darboux ndiye aliyethibitisha, mwaka 1875, kwamba derivativu ya namna hiyo hairuki thamani yoyote ya kati.

Nadhani mwanafunzi wako alikuwa akifikiria |x|, ambayo mteremko wake ni −1 kushoto mwa 0 na 1 kulia. Lakini pale 0 penyewe derivativu haipo kabisa, na hakuna namba unayoweza kuipachika pale ili hizo −1 na 1 ziwe derivativu ya fanksheni yoyote. Hapo aandike "haipo kwenye 0". Kwa f yetu aandike "imekosa mwendelezo kwenye 0". Mimi ningeliepuka hata neno "imekatika", kwa sababu umeme ukikatika huwa haupo, na derivativu hii ipo.