Hajarudi si hakurudi: maneno machache kwa wanaoanza kutafsiri mahojiano

Wiki iliyopita kijana wetu wa fildi aliniletea kurasa kumi na nne za mahojiano ya Ujiji akiwa amezitafsiri usiku kucha. Nilifika ukurasa wa pili nikakuta mzee mmoja, ambaye kwa Kiswahili alisema "hatujafika makubaliano na mwenye shamba", amegeuzwa kuwa mtu anayesema "We did not arrive the agreement". Nikavua miwani. Kijana akaniuliza, "Dada, kuna shida?" Nikamwambia anipe chai kwanza.

Sikumgombeza, na sababu yake mtaiona mbele. Lakini nimechoka kusahihisha kosa lilelile kila msimu wa wanafunzi wapya, kwa hiyo naandika mara moja, mlisome wote, mniache nile mgebuka wangu kwa amani.

1. Mnajua sarufi, ila hamuitumii. Ukimwamsha yeyote kati yenu usiku wa manane atakwambia kwamba ukanushi wa "amefika" ni "hajafika" na wa "alifika" ni "hakufika". Mkishika kalamu ya Kiingereza mnavitupa vyote viwili kwenye kapu moja la "did not". Hizi ni habari mbili tofauti. "Hakufika" ni mlango uliofungwa: safari ilikuwapo, ikapita, mtu hakutokea. "Hajafika" ni mlango ulio wazi: mpaka dakika ninayosema hajatokea, na mimi bado natazama barabarani. Kiingereza nacho kina milango hiyo, ila "did not arrive" ni ule uliofungwa. Ulio wazi ni "hasn't arrived yet", au bora zaidi, maneno ambayo Mwingereza angeyasema akiwa amesimama pale pale dirishani: "isn't here yet".

Uko kwenye treni ya kwenda Tabora, mama anapiga simu: "Mmefika?" Unamjibu, "Hatujafika, ndiyo kwanza tupo Uvinza." Hakuna Mwingereza atakayemjibu mama yake "We have not arrived". Atasema "Not yet, we're only at Uvinza". Kitenzi chote kimeyeyuka na hakuna kilichopotea. Yule mzee wa Ujiji naye alitaka tu kusema "We haven't come to terms with the landowner yet". Hapo "fika" haina safari ndani yake, ni kukubaliana.

2. Sasa kosa langu. Nalieleza kwa urefu kwa sababu nililipa kwa urefu.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Tulikuwa tunahoji familia za wavuvi pale Kibirizi, mimi nikisikiliza rekodi, nikizinukuu, kisha nikizitafsiri kwa ajili ya mtafiti ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Mama mmoja aliulizwa kuhusu kipato cha nyumba yake. Alijibu hivi, na maneno haya nayakumbuka kama namba yangu ya simu:

"Mume wangu alienda ziwani, hajarudi. Sijui atapata nini leo. Dagaa wa juzi hatujauza. Watoto hawajaenda shule, kabla baba yao hajafika na hela hawaendi."

Msaidizi wa utafiti akamuuliza tena, kuhakikisha: "Kwa hiyo hajarudi mpaka sasa?" Mama akajibu, "Ndiyo."

Mimi nikaandika:

"My husband went to the lake. He did not return. I do not know he will get what. We did not sell the sardines. The children did not go to school. Before their father does not arrive with money they do not go." Na chini yake: "So he did not return? Yes."

Nikajipongeza. Kila neno lilikuwa na mwenzake.

Someni kama yule mtafiti alivyosoma. Mwanamume ameingia ziwani, hakurudi. Swali limerudiwa kwa upole, mjane amethibitisha. Watoto hawasomi. Sentensi mbili zenye baba atakayepata kitu na kufika na hela hazikueleweka, akazidhania ni kuchanganyikiwa kwa mtu mwenye msiba. Nyumba ile ikaingizwa kwenye jedwali la nyumba zinazoongozwa na wajane, na duru ya pili ilipofika tukapewa dodoso lao maalumu.

Nikaenda mwenyewe na msaidizi. Tulipofika, mwanamume mmoja alikuwa ameketi mbele ya nyumba akishona wavu. Tukamsalimia, tukapita kama kwa shemeji wa nyumba. Ndani, msaidizi akafungua dodoso na kusoma swali la kwanza kama lilivyoandikwa: mumeo alifariki mwaka gani?

Mama alimtazama. Akatazama mlangoni. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akaweka ungo chini taratibu na kusema, "Mmemuua mwanangu kwenye makaratasi."

Kwa mtu anayeishi kwa ziwa hilo, neno la namna hiyo si mzaha. Wanaondoka jioni, wanavua na taa usiku wa giza, wanarudi alfajiri, na kila alfajiri kuna mke anayehesabu mitumbwi ikiingia. Yule mama akaanza kulia, akauliza, "Mimi nilisema amekufa? Nilisema lini?" Msaidizi akanigeukia mimi. Nikatoa simu, nikawasha rekodi, tukaisikiliza wote, pamoja na marehemu aliyekuwa ameingia na sindano yake ya nyavu. "Alienda ziwani, hajarudi." Jogoo anawika nyuma ya sauti yake. Jogoo! Rekodi ilikuwa ya saa moja kasoro asubuhi. Mume alikuwa amechelewa kidogo tu kurudi na dagaa wake.

Niliomba radhi mpaka maneno yakaniisha. Tulikunywa uji. Mama mkwe hakuninyooshea kikombe, alikiweka chini nikakiokota mwenyewe. Jioni nikamwandikia mtafiti kwamba nimeua mtu, naye akaanza kulifumua jedwali.

Nilipotulia nikaitafsiri upya, na ndiyo hii ninayowaonyesha kila mwaka:

"My husband's out on the lake. Who knows what he'll bring in today. We still haven't sold the dagaa from the other day. The kids haven't left for school. They're not going till their father gets in with the money." Na lile swali la mwisho: "So he's not back yet?" "No."

Tazameni mambo manne hapo, moja moja.

"Alienda, hajarudi" imekuwa "is out". Kukanusha kwa Kiswahili si lazima kukanushe kwa Kiingereza. Mtu ambaye hajarudi yuko huko, basi sema yuko huko. Hii ndiyo silaha yangu kubwa kuliko zote, na ningeijua mapema ningeokoa machozi.

"Hatujauza" nimeipa "still haven't", si "haven't yet", kwa sababu ya wale dagaa "wa juzi". Mama analalamika: wamekaa siku mbili. "Yet" husubiri kwa utulivu. "Still" ameshaanza kukunja uso. Sikilizeni sauti ndipo mchague. Na neno "bado" likitokea, msibandike vyote viwili kwenye sentensi moja kama ruba.

"Kabla hajafika" ndiyo inayowaangusha wengi. Kiswahili kinakanusha baada ya "kabla", kwa sababu wakati huo jambo lilikuwa halijatokea. Kiingereza hakikanushi. "Kabla hatujafika Kasulu mvua ilianza" ni "It started raining before we got to Kasulu". Ukiweka "not" hapo umeandika kitendawili. Na sentensi kuu nayo ikiwa ya kukanusha, kama kwa watoto wa Kibirizi, vyote viwili huungana na kuwa "not till".

Halafu ile "Ndiyo". Sisi tukiulizwa kwa kukanusha huitikia usemi wa muulizaji: hajarudi? Ndiyo, umesema kweli, hajarudi. Mwingereza huitikia jambo lenyewe: hayupo, kwa hiyo "No". Ukiona "ndiyo" baada ya swali la kukanusha, simamisha rekodi.

3. Si kila "-ja-" inataka "yet". "Sijawahi" ni "I've never". Na msichana akisema "sijaolewa" kwenye fomu, andika "I'm not married". Ukimwekea "yet" umemtafutia mchumba ambaye hakumwomba. Shangazi yake akisema "huyu hajaolewa" huku akimtazama mgeni, hapo "yet" iwepo.

4. Hadithi ikiwa ya jana, rudisheni hatua moja. "Tulipopiga simu alikuwa hajafika": "hadn't got there".

5. Sijui. Mmeizoea kuwa "I do not know", ambayo kwa Kiingereza, ikiandikwa kwa urefu hivyo, ni sauti ya shahidi mahakamani. Mtu wa kawaida husema "I don't know", na mara nyingi wala si hiyo. "Sijui kusoma" ni "I can't read", maana hapo hakuna habari iliyokosekana, ni ujuzi. "Sijui amekwenda wapi", akijisemea mwenyewe, ni "I wonder where he's gone". Na muuza dagaa akikwambia "niliuza sijui elfu ishirini, sijui elfu ishirini na tano", hajakataa kujibu. Anakadiria: "twenty, maybe twenty-five thousand". Kuna mwenzenu aliwahi kuandika hapo kwamba mhojiwa hana taarifa ya mauzo, na safu nzima ikaachwa tupu wakati mama wa watu alitaja bei mara mbili.

6. Angalieni saa ya rekodi kabla ya kutafsiri.

Yule marehemu bado tunaonana. Nikienda Kibirizi kununua samaki huniona kabla sijamwona, na hupaza sauti soko zima lisikie. Juzi nilikuwa na kijana wetu wa kurasa kumi na nne, nimemchukua ajifunze kusikiliza watu. Jamaa akanyanyua mkono kutoka kwenye mtumbwi: "Mwandishi! Sijafa!"

Nikacheka, nikamwambia kijana hii ni ya mtihani, aiandike kwa Kiingereza. Nilikuwa nasubiri "Still alive!" Akainamia daftari, akafikiri, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: "I did not die."

Nikaenda kununua mgebuka.