Jumamosi ni moja: kujua siku ya tarehe ya zamani bila kalenda

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandaa viapo vya kuzaliwa katika ofisi ndogo ya wakili, kwa watu waliozaliwa kabla ya vyeti kuzoeleka kwao. Humo ndimo nilimojifunza kutafuta siku ya juma kichwani. Wazee wengi wa pwani tarehe hubahatisha, ila siku huwa wana uhakika nayo, kwani imo kwenye jina: Juma, Mwanajuma, Hamisi, Jumanne. Mtu akiitwa Jumanne, na karatasi yake ina tarehe iliyoangukia Jumapili, kuna swali la kumuuliza kabla ya muhuri kugongwa. Simu inaweza kukupa jibu, lakini mzee akiwa amekaa mbele yako anasimulia, ukianza kubonyeza simu anadhani umechoka kumsikiliza.

Nyinyi mnaoanza mna bahati moja ambayo wengi hawaioni, nayo ni kwamba siku zetu tayari zina namba. Jumamosi ni 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5. Endelea tu: Alhamisi 6, Ijumaa 7. Kwa kuwa katika hesabu hii kila saba hutupwa, Ijumaa tunaiita 0. Mtego uko kwenye Alhamisi. Jina lake kwa Kiarabu maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Mwenye Kiarabu kidogo kichwani huandika 5 bila kujua, na jibu lake linakuwa Jumatano. Nimewaona wanafunzi wawili wa madrasa wakikosea hivyo hivyo, tena wote walikuwa wepesi wa hesabu kuliko mimi.

Njia yenyewe ni ya John Conway, mwanahisabati Mwingereza, aliyeibuni mwaka 1973. Aliona kwamba katika kila mwaka kuna tarehe fulani, moja au zaidi kwa kila mwezi, ambazo zote huangukia siku moja ya juma. Siku hiyo aliipa jina la utani, siku ya kiyama. Mimi naiita nguzo, wateja wasije wakashtuka.

Nguzo za miezi ya shufwa hazihitaji kukaririwa: 4/4, 6/6, 8/8, 10/10, 12/12. Sikukuu ya Nane Nane ni nguzo, na Jamhuri ya Kenya, tarehe 12/12, ni nguzo pia. Jamhuri ikiwa Alhamisi, basi Nane Nane ya mwaka huo ilikuwa Alhamisi. Usije ukachanganya na Saba Saba, maana hiyo si nguzo hata kidogo. Miezi ya witiri inakwenda kwa jozi zinazogeuzana: 9/5 na 5/9, kisha 11/7 na 7/11. Machi tumia tarehe 7. Februari ni siku yake ya mwisho, iwe 28 au 29. Januari ni tarehe 3, lakini mwaka ukiwa mrefu, wenye Februari ya siku 29, ni tarehe 4. Hiyo ya Januari iwekeeni alama nyekundu, nitairudia.

Sasa swali ni nguzo ya mwaka fulani ni siku gani. Kila karne ina namba yake ya kuanzia. Miaka ya 1900 huanza na 5, yaani Jumatano, na miaka ya 2000 huanza na 4, Jumanne. Hizo mbili zitawatosha kwa karibu kila mtu atakayeingia ofisini. Miaka ya 1800 ni 0, Ijumaa, na ya 1700 ni 2, Jumapili. Baada ya karne nne mzunguko hurudia.

Tarakimu mbili za mwisho za mwaka zipange kwa dazeni, kama mtu anayepanga mayai. Dazeni ni ngapi? Zilizobaki ni ngapi? Na katika hizo zilizobaki, nne nzima ziko ngapi? Jumlisha majibu hayo matatu, ongeza namba ya karne, tupa saba. Sababu yake ni rahisi. Mwaka wa kawaida una wiki 52 na siku moja ya ziada, kwa hiyo nguzo husogea siku moja kila mwaka, na mwaka mrefu husogea mbili. Miaka 12 ina mirefu mitatu, hivyo nguzo husogea 15, na ukitupa saba mara mbili inabaki 1. Ndiyo maana dazeni nzima ya miaka inahesabiwa kama moja tu.

Tuchukue Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9/12/1961. Katika 61 kuna dazeni 5, inabaki 1, na ndani ya 1 hakuna nne. Jumla ni 6. Ongeza 5 ya karne upate 11, tupa saba ibaki 4. Nguzo ya 1961 ni Jumanne. Kwa hiyo 12/12 ilikuwa Jumanne, na tarehe 9 ni siku tatu nyuma yake: Jumatatu, Jumapili, Jumamosi. Uhuru ulikuwa Jumamosi. Anayeanza arudi nyuma kwa vidole tu, bila aibu. Kutoa kichwani huku unataja majina ya siku ndiko kunakokosesha wengi, si ile hesabu ya dazeni.

Niwasimulie kosa langu lililonifunza zaidi. Alikuja mzee aitwaye Juma, karatasi yake ya kliniki inasema 17/1/1952. Nikapiga hesabu: dazeni 4, baki 4, nne moja, jumla 9. Ongeza 5 ni 14, tupa saba ni 0. Nguzo ni Ijumaa. Nikaichukua Januari 3, nikapanda saba saba: 10, 17. Tarehe 17 ni Ijumaa, na mzee anaitwa Juma. Nikafurahi, nikaandika kiapo.

Jioni nikiwa kwenye daladala ikanijia kwamba 1952 inagawanyika kwa nne. Ni mwaka mrefu. Nguzo ya Januari ni tarehe 4, halafu 11, halafu 18. Tarehe 17 ilikuwa Alhamisi, si Ijumaa. Asubuhi nikampigia simu mzee, nimeshajiandaa kumwambia karatasi ya kliniki ina kasoro. Akanisikiliza, kisha akauliza kama najua mama yake alijifungua saa ngapi. Sikujua. Alizaliwa saa mbili usiku, baada ya Isha. Na kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua likizama. Alhamisi saa mbili usiku ni usiku wa Ijumaa tayari. Mkunga akasema Juma, mwandishi wa kliniki akaandika tarehe ya kizungu, ambayo hugeuka saa sita ya usiku. Wote wawili walikuwa sahihi. Mimi peke yangu ndiye niliyekosea, na kosa langu likanipa jibu lililofanana na jina.

Tangu siku hiyo nina mazoea mawili. Tarehe ikiwa ya Januari au Februari, kabla ya yote naangalia kama mwaka ni mrefu. Ukikuta umepishana siku moja kamili na kalenda, na tarehe iko katika miezi hiyo miwili, usihangaike kurudia dazeni: kosa liko hapo. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1/1964, ni mfano mzuri wa kujipima. Yalitokea Jumapili, na anayesahau mwaka mrefu hupata Jumatatu. Kumbukeni pia kwamba 1900 haukuwa mwaka mrefu ingawa unagawanyika kwa nne. Mwaka wa kufunga karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, kama 2000.

Zoea la pili ni kuuliza saa. Siku ya jina ikiwa moja mbele ya siku ya tarehe, kama Ijumaa kwa Alhamisi, muulize mtu kama alizaliwa usiku, kabla hujamtilia shaka. Na muulize vilevile kama jina ni la siku au la babu. Akina Juma wengi hawakuzaliwa Ijumaa, wamerithi.

Hata vyote vikikubaliana, msiandike kwamba jina limethibitisha tarehe. Tarehe ya kubuni kabisa ina nafasi moja kati ya saba ya kuangukia siku inayotakiwa. Siku ya juma ina nguvu ya kukataa kuliko ya kukubali. Mzee akisema alizaliwa Jumanne ya Nane Nane mwaka 1950, na wewe ukapata nguzo ya 1950 ni Jumanne, umepata tu kwamba maneno yake hayapingani. Kama angesema Jumatano, hapo ungekuwa na kitu cha kufuatilia, mara nyingi mwaka uliopunguzwa au kuongezwa mmoja. Mwaka ukikosewa kwa mmoja, siku huruka moja au mbili, na mara nyingi ukijaribu mwaka wa jirani mambo hukaa sawa.

Kuna mpaka wa nyuma ambao njia hii haiuvuki bila kusaidiwa. Kalenda tunayotumia ilianza Oktoba 1582, Papa Gregori wa 13 alipofuta siku kumi: baada ya Alhamisi tarehe 4 ikafuata Ijumaa tarehe 15. Mfululizo wa siku za juma haukukatika, tarehe ndizo zilizoruka. Waingereza walichelewa hadi Septemba 1752, kwa hiyo barua ya Kiingereza ya 1740 na ya Kireno ya mwaka huohuo hazihesabiwi kwa namna moja.

Mwanafunzi mmoja wa historia aliwahi kuniletea tarehe ya Vasco da Gama kutia nanga nje ya Mombasa, 7/4/1498, akidai njia yangu ni mbovu. Miaka ya 1400 ina namba ya 1800, yaani 0. Katika 98 kuna dazeni 8, inabaki 2, nne hakuna: 10, tupa saba, 3. Nguzo ni Jumatatu, 4/4 ni Jumatatu, na tarehe 7 ni Alhamisi. Lakini daftari la safari yao linasema Jumamosi. Nikamwambia aongeze siku 9, maana ndizo kalenda ya zamani ilizokuwa imepishana na ya sasa kwa mwaka huo. Tarehe 7 ikawa 16. Kutoka nguzo ya 4 akapanda 11, kisha 18, Jumatatu, akarudi mbili nyuma kwa vidole. Jumapili. Jumamosi.