Ng'ombe wa Waorma na Boran wa ranchi kwenye mbung'o: nilichokiona zizini mwangu

"Wadau, nina malisho karibu na msitu huku Kwale na mbung'o ni wengi mno. Nataka kuleta mitamba wa Boran wa ranchi, wale wakubwa wenye nyama, lakini wazee wananishauri nichukue ng'ombe wa Waorma kwa kuwa 'hawaugui nagana'. Ni kweli, au ni maneno ya wauzaji?"

Wanaugua, ndugu yangu. Wazee wako sawa kwenye ushauri, sababu ndiyo wamekosea, na kosa hilo dogo ndilo lililonigharimu mimi mwaka wa kwanza.

Nilianza na mitamba 8 wa Boran wa ranchi, waliotoka nyanda za juu kusiko na mbung'o hata mmoja, na ng'ombe 6 wa Waorma kutoka upande wa Mto Tana. Wote walilala zizi moja, wakalishwa na mchungaji mmoja na kunywa kisima kimoja. Jirani yangu aliyesomea mifugo alikuwa na mashine ndogo ya kuzungusha damu, nikamwomba anipimie kila baada ya wiki tatu. Kipimo chenyewe si kigumu. Unatoboa mshipa wa sikio, unavuta damu kwenye kijibomba cha kioo chembamba kama njiti, unaziba ncha, unazungusha kwa dakika tano. Chembe nyekundu zinazama chini, maji ya damu yanabaki juu, na katikati unabaki mstari mwembamba mweupe. Unasoma wekundu umejaza asilimia ngapi ya kijibomba. Kwangu mimi ng'ombe akiwa 30 na kitu sina wasiwasi, akishuka chini ya 25 namwekea alama. Ule mstari mweupe ndio unaowekwa chini ya hadubini, maana tripanosoma, vimelea vya nagana, hukusanyika hapo hapo na unawaona wakijipinda kama minyoo ya kijinga kati ya chembe.

Siku ya kwanza wote walikuwa kati ya 31 na 35. Wiki ya sita mitamba watano wa ranchi walikuwa na vimelea, na mmoja, mwekundu mwenye nundu kubwa niliyempenda kuliko wote, alikuwa ameshuka hadi 19. Nywele zimesimama, matezi ya begani yamevimba unayashika kwa mkono, anabaki nyuma ya kundi. Nikaenda upande wa Waorma nikitarajia kuambiwa ni wazima. Watatu kati ya sita walikuwa na vimelea vile vile. Damu yao ilikuwa 25, 26 na 24.

Hapo ndipo nilipoacha kusema "hawaugui". Mbung'o amewauma, kimelea kimeingia, kinazunguka mwilini. Tofauti ni kwamba wanakidhibiti. Wale watatu sikuwachoma sindano, kwa ushauri wa yule jirani, tukawapima tena. Baada ya wiki sita walikuwa wamerudi 27 hadi 29 wenyewe, na wawili kati yao hadubini haikuona kitu tena. Yule mtamba mwekundu bila dawa angekufa, sina shaka.

Sasa kwa nini. Ng'ombe mwenye nagana hafi kwa sababu kimelea kimekula damu yake. Kinga ya mwili wake mwenyewe hupandwa na wazimu: zile seli zinazosafisha uchafu kwenye wengu na ini zinaanza kumeza chembe nyekundu, nzima na mbovu pamoja, na uboho haufidii kwa kasi inayotakiwa. Wakati huo kimelea kinabadilisha koti lake la nje kila mara, kinga ikishalizoea hili kinavaa lingine, ndiyo maana hadi leo hakuna chanjo. Ng'ombe mstahimilivu ana uwezo wa aina mbili: anazuia vimelea visifurike kwenye damu, na anazuia damu yake isiporomoke hata vimelea vikiwepo. Watu huchanganya mambo haya mawili kuwa moja, na si moja. Watafiti walichukua ndama mapacha, mmoja N'Dama, uzao unaostahimili nagana, na mwingine Boran, waliokuwa wameshirikiana damu tumboni kiasi kwamba yule N'Dama alikua na uboho wa Boran. Walipoambukizwa, N'Dama huyo alipungukiwa damu vibaya kama Boran, lakini vimelea alivizuia kama N'Dama. Yaani uwezo wa kulinda damu unakaa kwenye viungo vinavyotengeneza damu, uwezo wa kubana vimelea unakaa kwingine.

N'Dama, kwa wasiomjua, ni ng'ombe mdogo asiye na nundu wa Afrika Magharibi, asili yake milima ya Futa Jaloni kule Gine. Yeye ndiye bingwa. Ng'ombe wa jamii hiyo wasio na nundu wameishi kwenye mbung'o kwa maelfu ya miaka, na wasioweza walikufa bila kuacha ndama. Zebu wenye nundu walienea Afrika baadaye, na wengi walibaki maeneo makavu ambako mbung'o hana kivuli. Wengine husema ustahimilivu wa N'Dama ni mazoea tu, kwamba ndama hupata kinga kwenye maziwa ya mama. Miaka ya 1980 mwanzoni viinitete vya N'Dama vilitolewa Gambia vikiwa vimegandishwa, vikapandikizwa Nairobi kwenye matumbo ya Boran. Ndama hao walinyonya Boran na kukua bila kumwona mbung'o. Walipokuja kuambukizwa walistahimili, Boran wenzao wakaporomoka. Kwa hiyo ni uzao, si maziwa wala mazoea.

Ng'ombe wa Waorma hafikii hapo. Ni zebu, ni Boran kama yule wa ranchi kwa nasaba, ila kundi lake limepita kwenye vichaka vya Tana vizazi kwa vizazi huku Boran wa ranchi akichaguliwa kwa kilo kwenye nyasi safi. Walipolinganishwa katika ranchi ya Galana miaka ya 1980, wa Waorma waliambukizwa mara chache zaidi na wakahitaji dawa mara chache zaidi. "Mara chache" si "kamwe".

Na ustahimilivu huo unavunjika. Mmoja wangu wa Waorma, ng'ombe mzee mwenye ndama wa miezi miwili, alifika kiangazi akiwa amekonda, nyasi zimekwisha, mbung'o wamejikusanya kwenye miti ya mtoni ambako ndiko nilikokuwa nanyweshea. Mwezi mmoja tu, kutoka 28 hadi 17. Kimelea kilikuwa kile kile alichokibeba bila shida wakati wa mvua. Kilichobadilika ni kwamba mwili wake ulikuwa unalipa madeni matatu kwa wakati mmoja: njaa, maziwa na mwendo. Maksai wa kulima ni vivyo hivyo, ukimfunga jembe msimu mzima usitegemee nasaba yake imwokoe. Siku hizi ng'ombe anayenyonyesha namhesabu kama Boran wa ranchi hadi ndama aachishwe.

Kuhusu dawa, hapa nina kinyongo. Nilipowatibu wale watano wa kwanza, muuza dawa aliniambia pakiti moja inatosha ng'ombe wawili. Wiki tatu baadaye vimelea vikarudi kwa watatu, na nikaanza kutangaza kijijini kwamba dawa imeshazoeleka. Jirani akanikalisha chini tukapiga hesabu. Diminazini, dawa niliyokuwa nimewachoma, ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya ng'ombe. Ile pakiti ndogo ina gramu 1.05 ya dawa yenyewe, ambayo ni miligramu 1,050. Gawa kwa 3.5, unapata kilo 300. Mtamba wangu mwekundu, kwa utepe wa kifuani, alikuwa kilo 270. Pakiti moja ni ng'ombe mmoja, basi. Mimi nilikuwa nimewapa karibu nusu, kiasi cha kukifundisha kimelea badala ya kukiua. Unaichanganya kwa maji kama pakiti inavyosema, unaichoma ndani kabisa ya msuli. Niliporudia kwa kipimo kamili, wawili walipona moja kwa moja. Wa tatu ilibidi apewe dawa nyingine, isometamidiamu.

Faida kubwa ya ng'ombe mstahimilivu, kwa maoni yangu, iko hapo kwenye sindano kuliko kwenye vifo. Mwaka ule mzima mitamba 8 wa ranchi walikula sindano 23. Wale 6 wa Waorma walikula 3, mbili zikiwa za yule mzee mwenye ndama. Sindano chache maana yake pia vimelea vinapata nafasi chache ya kuizoea dawa. Hasara yake ni mwili: Boran wa ranchi aliyefika sokoni mzima anawazidi kilo nyingi, na asikudanganye mtu kwamba wa Waorma atazifikia.

Kuna jambo wazee hawatakwambia kwa sababu hawana haja nalo. Ng'ombe anayestahimili anatembea na vimelea bila dalili, mbung'o anamnyonya, anakwenda kumuuma mtamba wako mgeni. Ukichanganya kundi kama nilivyofanya mimi, wale wazima wa sura ndio ghala. Nilichofanya ni kuwapaka dawa ya kuua mbung'o ng'ombe wakubwa tu, miguuni na chini ya tumbo, maana mbung'o huwafuata zaidi walio wakubwa na hupenda kutua miguuni. Dawa inaenda kidogo kuliko kuogesha kundi zima.

Kuhusu kuchanganya damu, dume wa Waorma kwa mitamba wa ranchi: fanya, mimi nimefanya, lakini usitarajie ndama warithi ustahimilivu kama rangi. Si jeni moja. Uchunguzi wa machotara wa N'Dama na Boran uliotoka 2003 ulionyesha vipande vingi vya jeni vinavyochangia, kila kimoja kidogo, na vingine vizuri vilitoka upande wa Boran. Ndama wangu wanne wa kwanza wamegawanyika: wawili wamesimama 28 bila sindano, mmoja damu yake inapanda na kushuka, mmoja ni mama yake mtupu.

Mwisho, unaponunua. Madalali wanajua neno "Orma" linauza. Ng'ombe yeyote aliyechomwa isometamidiamu atakaa miezi miwili hadi minne akionekana bingwa kwenye mbung'o, kisha dawa inaisha na unabaki na zebu wa kawaida. Uliza sindano ya mwisho ilikuwa lini, nunua kwa mfugaji anayelisha mtoni na siyo mnadani, na uchague majike ambao wamezaa hapo hapo zaidi ya mara moja, ndama wao ukawaona kwa macho. Ukipata watatu wa hivyo, wapime damu baada ya mwezi wa tano bila dawa, kabla hujaongeza wengine.