Chupa tatu zinazokosekana katika kila dumu

SWALI: Assalamu alaykum. Nina duka Wete. Dumu la mafuta ya kupikia la lita 20 linanifikia kwa shilingi 92,000, na nalijaza katika chupa za nusu lita. Chupa na lebo yake ni shilingi 150, nauza 2,800. Natarajia chupa 40, lakini kila mara napata 37. Kijana wangu anaapa hachukui kitu. Jirani ananiambia mafuta hukaushwa na joto, na kwamba dawa yake ni kupandisha bei. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Jirani yako asikushughulishe. Mafuta ya kupikia hayaruki hewani kama petroli. Joto huyatanua tu, na tofauti ya nyuzi 10 katika dumu zima haifiki hata theluthi ya chupa yako moja. Kijana naye usimtuhumu kabla ya kutumia mizani, kwa sababu upungufu wa namna hii mara nyingi umo ndani ya chupa zenyewe, na ni mnunuzi anayeondoka nao.

Pima dumu kabla ya kulifungua, kisha lipime tena baada ya kulimimina na kuliacha likichuruzika. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa gramu 910 hivi, kwa hiyo lita 20 ni kilo 18.2 bila ya dumu. Baada ya hapo weka chupa tupu juu ya mizani ndogo, rudisha namba kwenye sifuri, ijaze kama kijana anavyojaza kila siku, kisha soma. Nusu lita inapaswa kuwa gramu 455. Ukikuta gramu 485, basi kila chupa inabeba mililita 33 za ziada, kwa kuwa chupa inayoitwa ya nusu lita hubeba zaidi ya hapo ikijazwa mpaka shingoni.

Zidisha ziada hiyo kwa chupa 37 na utapata lita 1.2 na kidogo juu yake. Tuseme yaliyoganda dumuni, yaliyobaki kwenye faneli na yaliyomwagika ni mililita 280. Jumla ni lita moja na nusu, yaani chupa zako tatu.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa hesabu ya chupa 40, faida yako ni shilingi 14,000 kwa dumu. Kwa chupa 37 unakusanya 103,600, unaondoa 92,000 na gharama ya chupa 5,550, na kinachobaki ni 6,050. Kwa hiyo gharama halisi ya kila chupa si 2,450 bali ni 2,636, kwa sababu fedha ya dumu hugawanywa kwa chupa zilizopatikana, si kwa zilizotarajiwa. Kosa hili la kugawa kwa maandishi ya dumu ndilo ninaloletewa mara kwa mara, na aghalabu mwenye duka huwa ameshapandisha bei mara mbili kabla ya kuuliza.

Mwagia chupa moja gramu 455, chora mstari pale mafuta yalipofika, na chupa zote za umbo hilo zijazwe mpaka hapo. Utapata chupa 39, faida 11,350, na mililita 220 za kubakisha kwa dumu lijalo. Tafadhali usipime gramu 500 ukadhani ni nusu lita: utakuwa unatoa karibu mililita 550 kwa kila chupa, na hutafikisha hata chupa 36.

Sasa wapo mafundi wa njia za mkato, ambao husema chupa 40 zinawezekana. Zinawezekana kwa namna moja tu: baada ya mabaki ya dumu, kila chupa ipunjwe mililita saba. Wengine huenda mbali zaidi na kuuza chupa zenye kitako kilichoingia ndani, au kumshauri mfanyabiashara atie mililita 470 na kuandika 500 kwenye lebo. Huo ni wizi wa kipimo, na mnunuzi mwenye mizani ya jikoni atakugundua siku moja tu. Kwa hiyo muuzaji wa mafuta au wa unga anayekuahidi kwamba hakuna kinachopotea katika kufungasha, muulize kwanza chupa au mfuko wake una gramu ngapi.

Andika daftarini, kwa kila dumu, uzito wa mafuta ulioupokea, idadi ya chupa na uzito wa chupa moja uliyoiokota bila ya kuchagua. Endapo chupa ziko sawa kwa gramu 455 na bado unakosa lita nzima, rudi kwenye uzito wa mwanzo. Ukiwa haukufika kilo 18.2, dumu lilikuja pungufu na mazungumzo yako ni na aliyekuuzia. Ukiwa ulifika, hapo ndipo pa kuzungumza na kijana.