Maswali na majibu: mkondo wa diodi unazaliwa ukingoni

Kitabu kinaandika idadi ya matundu ukingoni, kisha kinaruka hadi kwenye fomula ya mkondo wa diodi. Naomba hatua za katikati. – Mwanafunzi wa chuo, Mtwara

Simama upande wa N, ambako matundu ndiyo vibebachaji vichache, na weka x = 0 pale ukanda mtupu wa kiungo unapokomea. Kabla ya volti, matundu pale ni p0 = ni²/Nd: ni ni idadi ya vibebachaji katika silikoni safi, na Nd ni idadi ya atomi za uchafu zilizotiwa upande wa N. Ukiunganisha diodi kwa mbele, kizuizi kinashuka na idadi ya ukingoni inapanda mara exp(V/VT), ambapo VT = kT/q. Tunachohitaji ni ziada tu, kwa hiyo tunatoa p0 iliyokuwapo tangu mwanzo:

```
Δp(0) = p0 [exp(V/VT) − 1]
```

Hapo ndipo ile −1 ya mwisho ilipoingilia.

Ziada hiyo inasambaa kuelekea ndani, na njiani matundu yanaungana na elektroni baada ya muda wa wastani τ. Nje ya ukanda mtupu uga wa umeme ni mdogo sana, na matundu ni machache, kwa hiyo msukumo wake juu yao tunauacha. Hali ikishatulia, D ikiwa kigezo cha usambaaji wa matundu:

```
D d²Δp/dx² = Δp/τ
Δp(x) = Δp(0) exp(−x/L),  L = √(Dτ)
```

Kihesabu kuna jibu la pili, exp(+x/L), lakini hilo linataka ziada iongezeke kadiri unavyokwenda mbali, nasi tunajua inakufa. Linafutwa. Kinachobaki ni mteremko:

```
Jp = −qD dΔp/dx = qDΔp(0)/L   (x = 0)
```

Wengi hupotea hapa: mteremko wenyewe ni hasi, kwa hiyo alama mbili za kutoa zinafutana. Fanya vivyo hivyo kwa elektroni upande wa P, kisha jumlisha:

```
J = q(Dp·p0/Lp + Dn·n0/Ln)[exp(V/VT) − 1]
```

Kama mkondo wa matundu unafifia kadiri x inavyokua, umeme unaishia wapi? – Msomaji, Newala

Hauishii popote. Kila tundu linalopotea limekutana na elektroni, na elektroni hiyo inafidiwa na nyingine kutoka kwenye waya wa upande wa N. Mkondo wa matundu unapopungua, wa elektroni unaongezeka kwa kiasi hichohicho, na jumla haibadiliki. Tunajumlisha mikondo ya kingo mbili kwa sababu tunachukulia kwamba ndani ya ukanda mtupu hakuna kuungana wala kuzaliwa. Dhana hiyo ikumbuke, tutairudia.

Nipeni mfano wenye namba. – Mwanafunzi, Masasi

Silikoni ya nyuzi 27 (300 K), ni = 10¹⁰ kwa sentimita ya ujazo, Nd = 10¹⁶. Upande wa P umetiwa uchafu mwingi zaidi, kwa hiyo mchango wa elektroni ni mdogo na tunauacha. p0 = 10⁴. Chukua D = 12 cm²/s na τ = 1 µs: L inakuwa karibu 35 µm. Eneo likiwa 1 mm², mkondo wa kushiba, yaani sehemu ya fomula iliyo nje ya mabano ya exp mara eneo, ni takriban 5.5 × 10⁻¹⁴ A. Kwa 0.6 V, exp(0.6/0.02585) ni kama 1.2 × 10¹⁰, na diodi inapitisha karibu 0.67 mA.

Usiishie hapo. Kagua ukingo: ziada ni 1.2 × 10¹⁴, yaani asilimia 1 hivi ya Nd. Salama. Ikifika 0.655 V ni asilimia 10, na kuanzia hapo matundu si "machache" tena, fomula inaanza kukupa mkondo mkubwa kupita kiasi. Kosa lingine ni L: kipande cha N kikiwa na unene wa µm 5 tu, gawanya kwa unene huo, si kwa 35.

Nimepima diodi ya silikoni kinyume, nikapata nanoampia kadhaa. Fomula inasema chini ya pikoampia. Diodi ni mbovu? – Fundi wa maabara, Lindi

Si lazima. Ile dhana ya ukanda mtupu ndiyo imevunjika: jozi za elektroni na tundu zinazaliwa humo humo, na kwenye silikoni mchango wao unashinda wa usambaaji kirahisi. Ongeza volti za kinyume taratibu. Mkondo ukipanda kidogo kidogo, ni ukanda unaopanuka. Mkondo wa fomula ungebaki palepale. Kwa mbele, chora logi ya mkondo dhidi ya volti: mkondo ukiongezeka mara 10 kwa kila mV 60, ni usambaaji. Ukihitaji karibu mV 120 chini kabisa ya mchoro, ni kuungana ndani ya ukanda.

VT inapanda na joto. Mbona diodi ya sola juu ya bati inaonyesha volti ndogo mchana? – Fundi, Kilwa Masoko

Kwa sababu p0 inabeba ni², ambayo inakua kwa kasi kubwa kuliko VT. Kwa mkondo uleule, volti inashuka karibu mV 2 kwa kila nyuzi. Kutoka nyuzi 27 hadi 60, tegemea upungufu wa mV 66 hivi.