Jedwali la kwenye picha: itafute k kabla ya kujaza pengo

Jedwali la uwiano wa x na y likikufikia kama picha kwenye simu, linakili kwanza kwenye karatasi, kila x juu ya y yake. Picha iliyopigwa kwa upande hupinda mistari, na ni rahisi kuchukua x ya safu moja ukaioanisha na y ya jirani. Tuseme umesoma hivi:

x: 2, 3, 4, 8, 10
y: 18, 12, 9, 45, ?

Usiamue aina ya uwiano kwa kutazama tu. Tafuta namba isiyobadilika kwa jozi zote; hiyo ndiyo k. Katika uwiano wa moja kwa moja, y ÷ x haibadiliki. Hapa 18 ÷ 2 ni 9, lakini 12 ÷ 3 ni 4, kwa hiyo huo hauwezekani. Katika uwiano wa kinyume kisichobadilika ni zao, x × y. Jozi tatu za kwanza zinatoa 36, 36, 36. Ya nne inatoa 360.

Zao hilo limezidi mara 10 kamili, na kosa la mara 10 kamili karibu kila mara ni nukta ya desimali iliyopotea kwenye picha. Kuza picha katikati ya 4 na 5 uitafute. Hata isipoonekana, kuna ushahidi mwingine: kutoka 4 hadi 8 x imeongezeka maradufu, kwa hiyo y lazima iwe nusu ya 9, yaani 4.5. Sasa 8 × 4.5 = 36, k ni 36, na pengo ni 36 ÷ 10 = 3.6.

Ndiyo maana si salama kutafuta k kwa jozi moja pekee. Aliyeanza na 8 na 45 atapata k = 360 na kujaza 36, jibu kubwa kuliko 18 ya mwanzo, ilhali y inatakiwa kushuka.

Mtego mwingine ni kudhani kila y inayoshuka x ikipanda ina uwiano wa kinyume. Chukua x 2, 3, 4 na y 18, 8, 4.5. Mazao ni 36, 24, 18, hayatulii. Zidisha y kwa x²: 4 × 18, 9 × 8 na 16 × 4.5 zote ni 72. Hapa y inabadilika kinyume na mraba wa x, na k ni 72.

Kwa hiyo soma jinsi mazao yanavyokosea. Likipotoka moja peke yake, shuku tarakimu ya picha. Yakishuka au kupanda yote kwa mfululizo, kanuni uliyochagua siyo. Yakiyumba kidogo huku na huku, kama 35.8, 36.3 na 35.9, hayo ni makosa madogo ya vipimo vya maabara. Chukua wastani, 36, uwe k yako.