"Ntu" si kosa: nilivyomshusha mtoto kitabu kwa kuhesabu vibaya

Wiki iliyopita mama mmoja wa Konde, Pemba, aliniandikia. Mwanawe yuko Darasa la Pili, na kila kitabu anachopewa anakimaliza bila kukwama. "Mwalimu, nimwongeze kitabu kigumu zaidi, au nisubiri?" Nilikaa na ujumbe ule siku mbili, kwa sababu ulinirudisha kwa kijana mmoja wa Wete ambaye mpaka leo nikikutana na bibi yake sokoni moyo hunishituka.

Kijana huyo alikuwa na miaka minane. Vitabu vya darasa langu nilikuwa nimevipanga katika maboksi matano, kutoka chepesi hadi kigumu, na yeye alikuwa boksi la tatu. Mwaka ule ndio nilijifunza kuchukua rekodi ya usomaji, njia iliyoanzishwa na mtafiti wa Nyuzilandi aitwaye Marie Clay katika miaka ya 1960. Mtoto anasoma kwa sauti, nawe umekaa kando yake na karatasi tupu na kalamu. Kila neno analolisoma sawa unatia tiki. Akisoma neno jingine, unaandika alilosema juu ya mstari na lililoandikwa kitabuni chini yake. Akiruka neno, unaweka kistari. Akiongeza lake, unaliandika. Akikwama mpaka ukamwambia, unaweka alama ya kuambiwa. Mwisho unahesabu maneno ya kifungu, unatoa makosa, unagawa kwa maneno yote na kuzidisha kwa 100.

Jibu likiwa 95 au zaidi, kitabu ni chepesi, anaweza kukisoma peke yake. Likiwa baina ya 90 na 94, ndicho cha kusomea pamoja na mwalimu. Chini ya 90, kitabu kinamshinda.

Nilijiona nimepata dawa. Nilimkalisha kijana wangu na hadithi ya Mwanakombo aliyekwenda pwani na babake, kifungu cha maneno 112. Nikahesabu makosa 17. Maneno 95 kwa 112 ni kama asilimia 85. Sikufikiri mara mbili. Nilimtoa boksi la tatu nikampeleka la kwanza, kwenye vitabu vyenye picha kubwa na sentensi moja kila ukurasa.

Baada ya siku tatu bibi yake alifika mlangoni mwa darasa. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akasema kwa upole ambao uliniumiza kuliko ukali: "Mjukuu wangu kafanya nini hata kapewa kitabu cha watoto wadogo? Kurani anasoma, barua za babake ananisomea mimi. Sasa nyumbani hataki kushika kitabu, anasema yeye mjinga."

Nilimjibu kwa namba. Nilimwonyesha ile 85 kama hakimu anavyoonyesha hukumu. Bibi hakubishana. Aliondoka, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimeshikilia utaalamu.

Usiku ule nilifungua daftari. Karatasi ile bado nimeihifadhi, na kitu kimoja tu kiliniokoa: nilikuwa nimeandika maneno yenyewe aliyosema, si misalaba mitupu. Laiti ningeweka misalaba, kosa langu lingebaki humo milele na mimi nisilione. Nasisitiza hapa: andika alichosema mtoto. Msalaba utakwambia amekosa, hautakwambia amekosa nini.

Nikaanza kuhesabu upya. Mara mbili palipoandikwa "mtu" alisoma "ntu", na mara moja "mkono" akausoma "nkono". Nimezaliwa Pemba, nimekulia Pemba, na bado niliyahesabu hayo kuwa makosa! Mtoto ameliona neno, amelielewa, amelitamka kama linavyotamkwa kwao. Matamshi ya nyumbani hayahesabiwi. Matatu yakatoka.

Jina la Mwanakombo alilisoma "Mwanakheri" mara nne, nami nilimwandikia makosa manne. Kanuni ni kwamba jina la mtu likikosewa huhesabiwa mara ya kwanza tu, hata lirudi mara kumi. Neno la kawaida ndilo linalohesabiwa kila linapokosewa. Matatu mengine yakatoka.

Mara nne alikosea, akarudi mwenyewe, akasoma sawa. Hayo pia hayahesabiwi kuwa makosa, ila huandikwa kando, kwa sababu ndiyo dalili bora kuliko zote. Moja nalikumbuka vizuri. Alisoma "vikapu", akaendelea, akakutana na "kikajaa", akasita, akarudi: "kikapu kikajaa". Hakuna aliyemwambia. Sarufi ya Kiswahili ndiyo iliyomrudisha, kwa vile "vikapu kikajaa" haikumkaa sikioni. Mtoto anayefanya hivyo anasikiliza anachokisoma. Na mimi nilimwadhibu kwa hilo!

Yalibaki saba. Jina lile mara moja. "Anakuja" aliyoisoma "yuwaja". "Alipoona" aliyoisoma "aliona". "Tena" aliloliruka. "Sana" aliloliongeza. "Ng'ambo" ambayo nilimwambia mimi. Na "mawimbi" aliyoyasoma "mawingu", pale chombo kilipoyumbishwa na mawimbi makubwa.

Mtanisamehe nikikaa kidogo kwenye "yuwaja", maana walimu wenzangu huniuliza sana. Kama "ntu" si kosa, kwa nini "yuwaja" iwe kosa? Kwa sababu "ntu" ni neno lile lile kwa sauti ya kwao, na "yuwaja" ni neno jingine ambalo halimo kwenye ukurasa. Macho yake yaliiacha karatasi, akasema maana kwa lugha ya mamake. Nalihesabu, lakini kosa hilo halinitishi, kwani maana imebaki nzima. "Mawingu" ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Imeanza na herufi zile zile, na "mawingu makubwa" inasomeka bila kugongana na sarufi, ila chombo hakiyumbishwi na mawingu, nae hakushituka. Hapo ndipo pa kufundisha: umalizie kuliangalia neno, kisha ujiulize kama habari inaingia akilini.

Na "alipoona" kusomwa "aliona" ni kosa moja tu, ingawa neno la Kiswahili hubeba mambo mengi tumboni mwake. Usihesabu silabi. Neno moja, kosa moja. Vilevile mtoto akisoma "a-li-po-o-na" kipande kipande kisha akalitaja neno zima, amesoma sawa, mpe tiki yake, na uandike pembeni kwamba alikata.

Basi 112 toa 7 ni 105. Ukigawa kwa 112 ni karibu asilimia 94. Kitabu kile cha boksi la tatu ndicho kilichokuwa chake hasa. Nilimtoa mahali pake nikampeleka kwenye aibu, kwa hesabu niliyoiharibu mimi.

Asubuhi nilimrudishia kitabu mbele ya wenzake, na nikasema mbele yao kwamba aliyekosea ni mwalimu. Ilichukua muda kabla hajakubali tena kunisomea kwa sauti. Mkubwa mmoja wa kazi aliposikia aliniambia kwenye kikao kwamba napoteza vipindi kwa kuchora tiki. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu tiki hazikuwa na hatia. Mwaka ulipokwisha kijana alikuwa boksi la tano, na hilo najivunia, sifichi.

Wewe unayefundisha, au mzazi mwenye kitabu kimoja mkononi, usimwekee mtoto namba kabla hujaihoji namba yenyewe. Tazama kwanza urefu wa kifungu. Ukimsomesha maneno 40, kosa moja pekee linakula asilimia mbili na nusu, na makosa matatu yanamtoa kwenye wepesi. Tafuta maneno 100 au zaidi, na kwa mdogo kabisa soma kitabu kizima. Tazama pia kama kitabu amekikariri. Watoto wetu wametoka chuo cha Kurani, wana vifua vya kuhifadhi. Mmoja alinisomea kitabu kizima kwa asilimia 100 huku ameangalia dirishani. Mwonyeshe neno la katikati ya ukurasa uliofunika juu na chini, umuulize ni lipi. Akishindwa, hiyo 100 si ya kusoma.

Na sasa narudi kwa mama wa Konde, kwa sababu swali lake lina mtego wake. Mipaka ile ya 90 na 95 ilitokana na watoto wanaosoma Kiingereza, lugha ambayo herufi zake haziaminiki. Mtoto wa Kiingereza akiweza kutamka neno, mara nyingi ni kwa sababu analijua. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyeshika silabi zake anaweza kutamka "uadilifu" bila hata herufi moja kupotea, na asijue ni mnyama au ni chakula. Kwa hiyo kwetu sisi asilimia kubwa haitoshi kumpandisha mtu. Rekodi itakueleza kilichotoka mdomoni. Kilichoingia kichwani utakijua kwa kufunga kitabu na kumwambia, "Haya, nisimulie." Usimuulize maswali ya ndiyo na hapana. Msikilize anataja nani, kulitokea nini, na kwa nini.

Nilimwomba afanye hivyo Jumamosi, kwa kitabu ambacho mwanawe hajakizoea, aandike kila alichosema, kisha amsimulishe. Jumapili alinijibu. Maneno yalikuwa 118, makosa matatu, hakuna hata pahala pamoja alipojirekebisha. Nilipiga hesabu: asilimia 97. Kwa kanuni, kitabu chepesi. Halafu akaniandikia masimulizi yote ya mtoto: "Walikwenda shamba."

Kitabu kile kilikuwa na mbuzi aliyepotea, ugomvi wa ndugu wawili, na mvua iliyowafungia kwenye banda. Katika makosa yale matatu, moja lilikuwa "banda" kusomwa "bando", akaendelea mbele kama hakuna kitu.

Nimemwambia asimwongeze. Abaki na kitabu hicho hicho, ukurasa mmoja kwa usiku, na kila ukurasa ukiisha mtoto aeleze kwa maneno yake kabla ya kufunua mwingine. Akisoma kitu kisichoingia akilini, mama asimkate papo hapo. Angoje mwisho wa sentensi, kisha aulize, "Hapo umenielewesha?" na amwachie arudi mwenyewe. Baada ya wiki mbili achukue rekodi nyingine kwa kitabu kipya cha kiwango kile kile, na anitumie karatasi yenyewe, si namba tu. Jana usiku wamefika ukurasa wa tatu, na mbuzi kesha potea.